Kwa Nini Asali Haiozi

Maji matamu ambayo nyuki hufyonza katika maua mara nyingi huwa na maji asilimia 70 au zaidi. Ndani ya mzinga nyuki huyapepea kwa mabawa mpaka maji yabaki kama asilimia 18, ndipo huziba vitundu vya sega kwa nta. Sukari iliyokolea kiasi hicho hunyonya maji kutoka kwenye bakteria na hamira, vikashindwa kuzaliana. Tindikali ya asali nayo husaidia. Asali iliyorinwa kabla sega halijazibwa, au iliyoachwa wazi penye unyevunyevu, huweza kupita asilimia 20 ya maji. Hiyo huchacha, ikatoa povu na harufu kali. Kuganda si kuharibika: chombo kikiwekwa katika maji ya uvuguvugu, asali huyeyuka tena.