Neno Lililofichwa Ubaoni

Mwalimu wa Kiswahili aliingia darasa la sita, akafuta hesabu zilizobaki ubaoni, akaandika kichwa kimoja, "Kinyume", na chini yake mishororo mitatu:

Bubu tangu kuzaliwa, lakini kinasikika,
Kina mgongo, si kinywa, rafuni ndipo hulala,
Tafuta usende mbali, kimo darasani humu.

"Kuna neno limejificha hapo," akasema. "Sitaki mkisie. Nataka anayelijua anionyeshe lilipo."

Hadithi hii fupi ni ya kubuni, lakini fumbo lenyewe ni la kweli. Msomaji anaweza kulikagua silabi kwa silabi, kama walivyofanya wanafunzi wale.

"Redio!" akapaza sauti mmoja, kwa kuwa ndicho kitu kinachosikika bila kuwa na kinywa. Akaambiwa aionyeshe humo darasani, akakaa. Msichana wa dawati la mbele alikuwa na hoja nzito zaidi. Alikuwa amehesabu mizani kwa vidole, akaona kila mshororo una kumi na sita, nane kwa nane, sawasawa. Sasa mtu anayejua kupanga mizani hivyo amewezaje kuharibu vina? Mwisho wa mshororo wa kwanza ni "ka", wa pili "la", wa tatu "mu". Na kichwa kinasema kinyume, yaani tuanzie mwisho! Akasoma kutoka juu kwenda chini: kalamu.

Darasa likapiga makofi. Mwalimu hakupiga.

Mtego ule ulikuwa umetegwa kwa makusudi. Fumbo la neno lililofichwa likijengwa vizuri huwa na mashahidi wawili, silabi na maelezo, na jibu halikubaliki mpaka wote wawili waseme jambo moja. Silabi peke yake hazitoshi. Karibu silabi zote za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo ukiziokota huku na huku hukosi kupata neno, hata pale ambapo mtunzi hakuficha kitu.

Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amepiga makofi, aliinua mkono. Kalamu haina mgongo, alisema. Tena ubaoni pameandikwa "kinasikika" na "kina mgongo". Ingekuwa kalamu, mwalimu angeandika "inasikika" na "ina mgongo". Kwa hiyo kinachotafutwa huenda ni cha ngeli ya ki-vi.

Hoja hiyo ya ngeli ndiyo iliyofungua mlango, ingawa alijua kwamba "ki" inaweza kusimama badala ya kitu chochote tu. Akauacha mwisho wa mishororo, akatazama mwanzo: Bu, Ki, Ta. "Bukita" si neno. Hapo ndipo alipokikumbuka kichwa cha fumbo kwa maana yake nyingine.

Kinyume ni mchezo wa zamani wa Waswahili wa kusema kwa mafumbo, ambapo silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele. Samaki huwa "kisama", na nyumba huwa "mbanyu". Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja, aliutaja katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Anayetaka kuurudisha usemi mahali pake huichukua silabi ya kwanza na kuipeleka nyuma. Mvulana akaitoa "bu" mbele, akaiweka mwisho: kitabu.

Kisha akarudi kwa shahidi wa pili. Kitabu ni bubu, lakini kikisomwa kinasikika. Kina mgongo, pale kurasa zinaposhikwa pamoja. Hulala rafuni, na darasani vilijaa. "Lete daftari lako nikutie alama," mwalimu akamwambia, na msichana wa mbele naye akapewa yake, kwa kuligundua neno la mtego.

Kutunga fumbo la aina hii kunaanzia nyuma. Mtunzi huchagua neno kwanza, huligeuza kwa kinyume, ndipo hutafuta mishororo ya kuanza na silabi alizopata. Neno la silabi tatu au nne ndilo linalofaa. La silabi mbili lina hatari yake: "kata" ukiligeuza unapata "taka", na msomaji hatajua lipi limefichwa na lipi limetokea tu. Maneno kama "mtu" nayo husumbua, maana ile "m" ikibaki nyuma hutamkika kwa taabu.

Msomaji anayetaka kujipima aanze na hili: mishororo mitatu, wa kwanza unaanza kwa Ri, wa pili kwa Ha, wa tatu kwa Ba. Akishalipata neno, atunge mishororo yenyewe, mizani kumi na sita kila mmoja, na asisahau shahidi wa pili.