Uulize Bei, au Uletewe?

Tuchukue mfano. Saa 4:00:00 asubuhi programu inaiuliza seva ya soko bei ya bitikoini, inajibiwa dola 60,250. Saa 4:01:00 inauliza tena, inajibiwa dola 60,210. Mwenyewe ameagiza apigiwe kengele bei ikigusa 60,000, na kwa majibu hayo mawili kengele haina sababu ya kulia. Kumbe katikati ya dakika hiyo bei ilishuka hadi 59,900, ikakaa chini ya 60,000 kwa sekunde 20, kisha ikapanda tena.

Programu haikukosea. Iliuliza kabla jambo halijatokea, ikauliza tena lilipokwisha kupita. Anayeuliza mara moja kwa dakika hulinasa tukio la sekunde 20 mara moja tu kati ya tatu.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufuatilia bei: kuuliza kwa zamu. Programu inabisha hodi, inapewa jibu, mlango unafungwa. Njia ya pili ni kujiunga na mkondo: programu inabisha hodi mara moja, mlango unabaki wazi, na kila biashara inapofanyika sokoni seva inaisukuma habari yenyewe bila kuulizwa. Kwenye soko la Binance, mkondo wa biashara za bitikoini kwa dola ya kidijitali unafunguliwa kwa anwani hii:

```
wss://stream.binance.com:9443/ws/btcusdt@trade
```

Wengi wakishaona pengo la ile dakika, hukimbilia kuuliza kila sekunde. Hayo ni maswali 86,400 kwa siku kwa sarafu moja tu. Masoko huweka kikomo cha maswali. Ukikivuka Binance unarudishiwa namba 429, maana yake punguza kasi. Ukiendelea kung'ang'ania unapewa 418, na anwani yako ya mtandao inafungiwa kuanzia dakika 2 hadi siku 3.

Kabla ya kufika huko, angalia unauliza nini. Badala ya kuomba bei ya sasa, omba muhtasari wa dakika:

```
https://api.binance.com/api/v3/klines?symbol=BTCUSDT&interval=1m&limit=2
```

Jibu linaleta dakika mbili: iliyokwisha na hii inayoendelea. Kila moja ina bei ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa na ya mwisho. Katika mfano wetu, bei ya chini ya dakika iliyokwisha ingesomeka 59,900. Kengele ingelia ikiwa imechelewa kwa chini ya dakika moja, lakini ingelia. Kama unachotaka ni kujua kwamba bei iligusa mahali fulani, hii inakutosha. Mkondo unahitajika pale ambapo lazima uchukue hatua bei ikiwa bado iko hapo.

Nao mkondo una hatari yake, ambayo ni ukimya. Swali likishindwa, utajua papo hapo: jibu haliji, au linakuja na namba ya kosa. Mkondo ukikatika kwa sababu kompyuta ililala au mtandao ulibadilika, programu inaweza kubaki imekaa ikisubiri, ikidhani soko limetulia. Bei ya mwisho inabaki kwenye skrini kama vile ni ya sasa. Dawa yake ni kuandika saa ya kila ujumbe unapofika. Soko la bitikoini huuza na kununua mfululizo, kwa hiyo zikipita sekunde 30 bila neno, uhesabu kwamba mkondo umekufa, uufungue upya. Kwa sarafu isiyo na wateja wengi kipimo hicho hakifai, maana ukimya wake unaweza kuwa wa kweli. Hapo tazama ishara za uhai ambazo seva huzituma hata soko likiwa limelala.

Hata usipopata hitilafu yoyote, Binance hukata kila muunganisho unapotimiza saa 24. Kwa hiyo kuunganisha upya ni sehemu ya kazi ya kila siku, na kila mara baada ya kuunganisha, uliza muhtasari wa dakika ulizokosa. Mkondo hausimulii yaliyopita ulipokuwa haupo.

Upande wa pili kuna bei zisizohitaji mkondo hata kidogo. Benki Kuu ya Ulaya hutangaza viwango vyake vya rejea vya yuro mara moja kwa siku ya kazi, karibu saa 10 jioni kwa saa za huko. Kuuliza kila dakika hakutakuletea kitu kipya; uliza jioni, ukikuta tarehe ni ya jana, rudia baada ya robo saa.

Basi anza na mwendo wa bei yenyewe, kisha jiulize una muda gani wa kuchelewa. Kama dakika moja haikuumizi, uliza muhtasari. Kama inakuumiza, fungua mkondo, na usiuache bila saa ya kuulinda.