Mteremko wa Kujifunza, au Hesabu ya Majani ya Muhogo

Msomaji wetu mmoja, afisa ugani katika vijiji vya Kibondo, ametuletea swali. Yeye na mwenzake wa Kasulu wamekusanya picha za majani ya muhogo ili kuifundisha kompyuta itambue batobato na michirizi kahawia, na kompyuta ingali inakosea. Je, warudi mashambani kupiga picha zaidi, au watafute modeli kubwa kuliko waliyo nayo? Jinsi kompyuta inavyosoma picha sitaieleza, maana imekwisha kuelezwa hadi imechosha. Nitaeleza jinsi ya kujua, kabla ya kuchoma mafuta ya pikipiki, lipi kati ya hayo mawili litafaa.

Kazi ya namna hiyo si ngeni nchini. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya modeli iliyofundishwa kwa picha 2,756 za muhogo zilizopigwa Tanzania, wala hawakuifundisha mara moja wakaridhika, bali waliirudia kwa mafungu mbalimbali, kuanzia asilimia 20 ya picha hadi asilimia 80, wakitazama kila mara usahihi umefika wapi. Kurudia huko ndiko shina la jawabu langu.

Tenga kwanza kapu la picha ambazo modeli haitafundishwa kamwe. Katika zilizobaki, ifundishe upya kwa picha 100, kisha 200, kisha 400, kisha 800, na kila mara upime makosa mawili: kosa la nyumbani, yaani katika picha ilizofundishwa, na kosa la ugenini, yaani katika kapu lile. Hapo huonekana ajabu inayonifurahisha kila niionapo. Mwanafunzi aliyeonyeshwa majani kumi huyakariri yote kwa alama zake, kwamba hili limetobolewa na mdudu na lile lina tope pembeni, hata ukimuuliza yaleyale hakosei hata moja, ilhali ukimletea jani la shamba jingine hubahatisha tu. Mwongezee yafike mia nane, na kukariri kutamlemea. Kosa lake katika aliyofundishwa litapanda, jambo ambalo asiyezoea angeliita kurudi nyuma, na papo hapo kosa lake katika majani mageni litashuka, kwa kuwa sasa hana budi kuzingatia batobato yenyewe, ile manjano iliyotapakaa na jani lililokunjamana. Mstari mmoja unapanda, wa pili unashuka, na nafasi iliyo kati yao ndiyo inayosema.

Michoro hii tuiiteje? Wengine husema mkunjo, neno linalonikumbusha nguo iliyohitaji pasi. Na mchirizi, ambalo lingependeza, limekwisha kutwaliwa na ugonjwa wenyewe. Mimi nachagua mteremko wa kujifunza, kwa sababu mstari wa ugenini hushuka kama njia itokayo Kasulu kwenda ziwani Tanganyika: mkali milimani, mpole kadiri ya kukaribia ufuo, na penye maji hukoma.

Chukua mfano wa kubuni. Katika picha 100, 200, 400 na 800, kosa la ugenini ni asilimia 40, 32, 26 na 20, na kosa la nyumbani ni 2, 3, 5 na 7. Nafasi bado ni pana na mteremko haujalegea: modeli hii ina uwezo, ila imenyimwa mifano, basi nenda shambani. Lakini hesabu gharama kwanza, kwani kila idadi inapokuwa maradufu kosa hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano, nawe ukitaka kulishusha kutoka 20 hadi karibu 10 sharti uzidishe maradufu mara tatu, yaani kutoka picha 800 ufike 6,400.

Modeli nyingine, ndogo, inatoa ugenini 38, 33, 31 na 30, na nyumbani 22, 26, 28 na 29. Mistari imekutana juu, mbali na ufuo. Hapa picha elfu hazitaleta kitu, maana hata yale majani iliyofundishwa haiyaelewi. Tafuta modeli kubwa, kisha upime upya.

Na ziwa lenyewe, mahali ambapo kosa halishuki tena, lipo. Muhogo wenye michirizi kahawia waweza kuoza mizizi ilhali majani yake yanaonyesha dalili hafifu mno, na jani lisilosema halisemeshwi kwa wingi wa picha wala kwa ukubwa wa modeli. Mistari ya modeli mbili kubwa ikigandia mahali pamoja, tazama lebo na picha zenyewe.

Hadhari moja, kwa haraka: picha mbili za mche mmoja zisigawanywe, moja ikafundishiwa na nyingine ikawekwa kapuni, la sivyo mteremko utakudanganya; gawanya kwa mashamba. Basi pikipiki na ingoje, mteremko uchorwe kwanza kwa picha zilizopo.