Kabla ya Kusaini Kazi ya Mauzo (3): Tageti Ipimwe kwa Rekodi ya Eneo

Wiki iliyopita tulizungumzia mshahara wa msingi. Leo tunaingia kwenye kamisheni na tageti, na hapo ndipo watu wengi husaini wakiwa wametazama namba moja tu: asilimia. Ukiambiwa utapata asilimia 2 ya mauzo, bado hujaambiwa utapata kiasi gani. Kuna mambo mawili ya kujua kwanza. Asilimia hiyo inaanza kuhesabiwa ukifikia wapi? Na je, eneo unalopewa limewahi kufika hapo?

Tuchukue mfano tuuchambue kwa namba za kukadiria. Kampuni inauza mabati, nondo na rangi kwa maduka ya vifaa vya ujenzi mkoani Morogoro. Inatafuta afisa mauzo. Ofa yake inasema mshahara ni shilingi 400,000 kwa mwezi, kamisheni asilimia 2, na tageti ya mauzo milioni 60 kwa mwezi. Kwenye usaili meneja anapiga hesabu mbele yako: asilimia 2 ya milioni 60 ni 1,200,000, ongeza mshahara, unapata 1,600,000. Anachokisema ni kweli kihesabu. Lakini ukurasa wa pili wa ofa una sentensi moja fupi: afisa asiyefikisha asilimia 80 ya tageti hatalipwa kamisheni kwa mwezi huo. Kwa hiyo kizingiti ni milioni 48. Ukiuza milioni 47, hupati hata shilingi moja ya kamisheni.

Sasa omba jambo moja: mauzo ya eneo hilo, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 12 iliyopita. Unaweza kusema, "Bosi, naomba nione rekodi ya eneo ili nijue naanzia wapi." Ni ombi la kawaida. Meneja anayejua tageti yake imetoka wapi hana sababu ya kulikwepa, hata kama atayafuta majina ya wateja kwanza. Akikataa kabisa, waulize wenye maduka wawili watatu wa eneo hilo wananunua mzigo wa kiasi gani kwa mwezi, na nani alikuwa akiwahudumia.

Tuseme umepewa. Januari eneo liliuza milioni 40, Februari 41, Machi 30, Aprili 25, Mei 30. Juni milioni 50, Julai 60, Agosti 66, Septemba 62, Oktoba 54. Novemba 42, Desemba 40. Jumla ya mwaka ni milioni 540, sawa na wastani wa milioni 45 kwa mwezi.

Umbo la mwaka huo linaeleweka. Masika ya Machi hadi Mei yanasimamisha ujenzi na kuharibu barabara za vijijini. Baada ya mavuno ya mpunga fedha huingia mikononi mwa wakulima, watu wakaezeka nyumba. Tageti iliyopangwa na mtu anayelijua eneo ingepanda na kushuka na misimu hiyo. Hii imekaa palepale milioni 60 mwaka mzima, hata Aprili.

Angalia miezi iliyovuka milioni 48: ni mitano, Juni hadi Oktoba, na jumla yake ni milioni 292. Asilimia 2 yake ni 5,840,000. Ukiigawa kwa miezi 12 unapata kama 487,000 kwa mwezi. Pamoja na mshahara, wastani wako ni takriban 887,000, kabla ya kodi na michango. Ule 1,600,000 uliotajwa kwenye usaili ungeupata au kuuzidi miezi mitatu tu kwa mwaka. Na Aprili, ikiwa mafuta ya pikipiki ni juu yako, tuseme 150,000, unabaki na 250,000 ya kuendeshea nyumba.

Kizingiti kinakula kiasi gani? Asilimia 2 ya milioni 540 zote ni 10,800,000. Wewe ungelipwa 5,840,000. Karibu nusu ya kamisheni ya mauzo uliyoyafanya kweli inabaki kwa kampuni.

Hapa wengi hushauriwa waombe tageti ihesabiwe kwa robo mwaka, ili mwezi mzuri uubebe mbaya. Ushauri huo unafaa pale tageti inapolingana na eneo. Kwenye ofa hii ungekuumiza. Kizingiti cha robo mwaka kingekuwa milioni 144, na ni Julai hadi Septemba pekee, yenye milioni 188, inayokivuka. Ungelipwa 3,760,000 tu. Kikihesabiwa kwa mwaka mzima, kizingiti ni milioni 576, eneo limeuza 540, nawe hupati kitu. Ugonjwa uko kwenye ukubwa wa tageti yenyewe. Dawa ni ishushwe, au kizingiti kishushwe. Kikiwa asilimia 60, yaani milioni 36, miezi inayoanguka ni ile mitatu ya masika peke yake, na kamisheni ya mwaka inafika 9,100,000. Hilo ndilo la kuomba, na lina uzito kuliko kubishania asilimia 2 iwe 2.5.

Uliza pia ni maafisa wangapi katika timu waliofikisha tageti mwaka jana. Wanaopanga malipo ya mauzo kwa uangalifu hutarajia zaidi ya nusu ya timu ifike. Ukisikia amefika mmoja kati ya kumi, tageti hiyo ni njia ya kupunguza mishahara.

Kisha kuna mali kauli. Maduka mengi huchukua mzigo leo na kulipa baada ya siku 30 au 60. Kamisheni kulipwa fedha inapoingia ni utaratibu wa haki, mradi anayeidhinisha mkopo wa duka ni ofisi. Ofa inayosema deni lisilolipwa litakatwa kwenye mshahara wako isomwe mara mbili. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata ujira kufidia hasara isipokuwa imetokana na kosa la mfanyakazi, naye awe amepewa nafasi ya kujieleza. Makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake wa fedha. Uliza pia: nikiacha kazi leo, kamisheni ya mzigo ambao duka halijalipia ni ya nani?

Mwisho ni kipengele kinachosema kampuni inaweza kubadilisha mpango wakati wowote. Mabadiliko lazima yatakuwepo. Omba yaandikwe kabla mwezi haujaanza, yasirudi nyuma kugusa mauzo yaliyokwisha kufanyika, na yaseme wazi kama mteja mkubwa akihamishiwa makao makuu tageti yako nayo itapungua. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri atoe kwa maandishi ujira na namna unavyokokotolewa. Kenya nako, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka vivyo hivyo.

Ofa hii ya Morogoro, ilivyo, nisingeisaini. Kizingiti kikishuka hadi asilimia 60 na mafuta yakilipwa na kampuni, ningeichukua. Wiki ijayo tutatazama mikataba ya uwakala, ambayo haina mshahara kabisa.