Ukiuza nyumba unayoishi, weka risiti mezani

Mtu akiuza gari lake la kutembelea hapa Tanzania, hadaiwi kodi ya faida ya mauzo hata kama ameliuza kwa bei nzuri kuliko aliyonunulia. Sheria ya Kodi ya Mapato inataja rasilimali ambazo mtu binafsi akiziuza kwa faida hutozwa: hisa na dhamana, pamoja na haki katika ardhi na majengo. Gari la nyumbani halimo. Kinacholipwa ni ushuru wa stempu na ada za kuhamisha umiliki. Gari la biashara, kama teksi, lina hesabu nyingine, kwa kuwa limo kwenye vitabu vya biashara na faida yake huingia huko.

Nyumba ndiyo inayohitaji umakini. Mkazi wa Tanzania akiuza nyumba au kiwanja hulipa asilimia 10 ya faida, na kodi hiyo hulipwa kabla hati haijabadilishwa jina. Lakini sheria imeweka msamaha kwa nyumba ya kuishi. Kwanza, uwe umeimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi. Pili, uwe umeishi humo jumla ya miaka 3, iwe kwa mfululizo au kwa vipindi. Mtumishi aliyehamishiwa Mwanza akapangisha nyumba yake ya Kimara, kisha akarudi, hapotezi haki hiyo mradi vipindi vyake vikijumlishwa vinafika miaka 3. Aliyejenga nyumba ya kupangisha tu, bila kulala humo, hana msamaha. Tatu, faida isizidi shilingi milioni 15.

Sharti hilo la tatu ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu linaangalia faida, si bei. Tuchukue mtu aliyenunua kiwanja mwaka 2012 kwa milioni 8, akajenga kidogo kidogo kwa milioni 42, na kuishi humo tangu 2015. Gharama yake ni milioni 50. Akiuza kwa milioni 65, faida ni milioni 15 kamili: haijazidi, hivyo halipi kitu. Akiuza kwa milioni 66, faida ni milioni 16 na msamaha wote umeondoka. Hatozwi kwa ile milioni 1 iliyozidi, bali kwa zote 16, yaani shilingi milioni 1.6. Mkononi anabaki na milioni 64.4, pungufu ya yule aliyeuza kwa bei ya chini. Kwa nyumba hii, bei yoyote iliyozidi milioni 65 lakini haijafika kama milioni 66.7 inamtia muuzaji hasara.

Hapo ndipo risiti zinapokuwa na uzito. Gharama haziishii kwenye kiwanja. Saruji, nondo, mabati, malipo ya fundi, ukuta na kisima vilivyoongezwa baadaye, pamoja na ada ya wakili na ya dalali wakati wa kuuza, vyote huingia. Katika mfano wetu, aliyeuza kwa milioni 66 akiwa na risiti ya milioni 2 za ukuta aliousahau, gharama yake inapanda hadi milioni 52, faida inashuka hadi milioni 14, na kodi inafutika.

Asiye na kumbukumbu za gharama yuko pabaya. Tangu mwaka 2023, mkazi wa namna hiyo hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Kwa nyumba ileile iliyouzwa milioni 65, hiyo ni shilingi 1,950,000, wakati mwenye risiti hakudaiwa hata senti. Na sheria haizikuzi gharama za 2012 ziendane na bei za leo. Shilingi ya wakati ule inahesabiwa kama ilivyoandikwa.

Wapo wanaokubaliana na mnunuzi kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Ni hatari kwa wote wawili. Thamani huangaliwa na mthamini, na bei ya karatasi isiyolingana nayo huonekana. Mnunuzi naye akija kuuza, gharama yake inayotambulika ni ile ndogo aliyoiandika, hivyo faida yake inavimba na kodi ya mwenzake inamwangukia yeye.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalali, tafuta bahasha ya zamani. Mkataba wa kiwanja, risiti za dukani, makubaliano yaliyosainiwa na fundi, bili za umeme na maji zenye jina lako, barua ya serikali ya mtaa kwamba umeishi hapo. Jumlisha gharama zako, ongeza milioni 15, ndipo upange bei.