Ndoa ya bomani na pilau ya watu ishirini na nne

Mwaliko wa harusi unaotaja Ofisi ya Mkuu wa Wilaya badala ya kanisa au msikiti bado huwafanya baadhi ya wazee wa Tanzania Bara waulizane kulikoni. Wengine hudhani wachumba wamekimbia nyumbani. Wengine huhisi kuna mimba inafichwa. Mara nyingi ukweli ni wa kawaida zaidi: mmoja ni Mkristo na mwenzake ni Mwislamu na hakuna anayetaka kubadili dini, au wameishi pamoja miaka kadhaa na sasa wanataka cheti, au wamepiga hesabu ya ukumbi, emsii, mapambo na chakula cha watu mia tatu wakaona heri fedha hizo zikanunue kiwanja.

Kisheria, ndoa hiyo haipungukiwi na chochote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inaitambua ndoa ya kiserikali sawa na ile ya kidini au ya kimila. Inachodai ni utaratibu, na utaratibu huo una kipande kimoja kisichopindika kirahisi. Wachumba wanatakiwa kumpa msajili taarifa ya nia ya kufunga ndoa siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe. Kenya nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inadai muda huohuo kwa ndoa za kiserikali.

Siku hizo 21 ndizo mhimili wa mpango mzima. Mgahawa unaweza kupatikana kwa wiki moja na gauni linaweza kushonwa kwa siku nne, lakini tangazo lililochelewa kupelekwa halina fundi wa kulifupisha. Ipo leseni maalumu ambayo Msajili Mkuu anaweza kuitoa ili kuwaondolea wachumba sharti hilo, ila ni kwa hiari yake na kwa sababu za kumridhisha. Anayepanga harusi akitegemea leseni hiyo anabahatisha.

Tuwachukue wachumba wa kufikirika wanaoishi Morogoro mjini, mwanamume Mkristo na mwanamke Mwislamu, wanaotaka kufunga ndoa Septemba 2026. Wazo lao la kwanza lilikuwa Ijumaa ya tarehe 18, ili wageni wa Dar es Salaam wabaki hadi Jumapili. Tarehe hiyo ina kasoro inayoonekana mara tu ukiweka saa kwenye karatasi. Ndoa ikifungwa saa nne asubuhi, chakula kitaangukia saa saba mchana, wakati nusu ya wajomba wa bibi harusi wako msikitini kwa sala ya Ijumaa. Alhamisi ya tarehe 17 inaondoa tatizo hilo, na ofisi ziko wazi vilevile.

Kutoka Alhamisi hiyo wanahesabu kurudi nyuma. Siku 21 kamili zinaangukia Alhamisi ya tarehe 27 Agosti. Huo ndio mwisho wa mwisho, na mtu mwenye busara hakai ukingoni. Fomu ikirudishwa kwa sababu ya picha iliyosahaulika, au ofisa husika akiwa safarini siku hiyo, tarehe 17 imepotea. Kwa hiyo wanalenga kupeleka taarifa Jumatatu ya tarehe 17 Agosti, mwezi mzima kabla. Hapo wana siku kumi za akiba.

Taarifa yenyewe hujazwa majina na umri wa wachumba, majina ya wazazi wao na hali ya ndoa ya kila mmoja. Pia wanatakiwa kusema kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au la. Swali hilo la mwisho hupitwa haraka na wengi, nalo si dogo. Sheria huichukulia ndoa ya kiserikali kuwa ya mke mmoja isipothibitishwa vinginevyo, na kuibadilisha baadaye kunahitaji tamko la hiari la wanandoa wote wawili mbele ya jaji au hakimu. Mume hawezi kuamka siku moja akaamua peke yake.

Baada ya hapo tangazo hubandikwa mahali pa wazi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Huenda akawa mke aliyeachwa kijijini bila talaka ya mahakama, au mtu anayejua kwamba wachumba hao ni ndugu wa karibu. Pingamizi likiwasilishwa, ndoa husimama hadi lisikilizwe. Ndiyo maana haifai kulipa fedha zote za chakula siku ileile taarifa inapopelekwa. Malipo ya awali yanatosha.

Kinachowachelewesha watu zaidi, hata hivyo, si pingamizi. Ni vyeti. Ofisi kwa kawaida huomba vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na picha ndogo, na nyingi huomba pia barua ya serikali ya mtaa. Aliyewahi kuoa au kuolewa huonyesha hati ya mahakama ya kuvunja ndoa; mjane na mgane huleta cheti cha kifo. Mgeni wa nje ya nchi hutakiwa kuleta uthibitisho kutoka kwao, mara nyingi kupitia ubalozi, kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Kwa kuwa orodha inaweza kutofautiana kidogo kati ya wilaya na wilaya, safari ya kwanza bomani ni ya kuuliza tu. Ifanywe miezi mitatu kabla, na mwulizaji aende na kalamu, aandike pia ada inayotakiwa na namna ya kuilipa kwa namba ya malipo ya serikali.

Kwa wachumba wetu, safari hiyo ya Juni inafichua mambo mawili. Bwana harusi hana cheti cha kuzaliwa, ana kadi ya kliniki tu, hivyo anaanza maombi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Bibi harusi anacho, lakini jina la baba yake limeandikwa Shaaban kwenye cheti na Shabani kwenye kitambulisho cha taifa. Herufi mbili tu! Pengine msajili angeipuuza, pengine asingeipuuza. Hati ya kiapo mbele ya wakili, inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, inamaliza mjadala kabla haujaanza. Mambo hayo yakigunduliwa Juni ni usumbufu mdogo. Yakigunduliwa wiki ya tatu ya Agosti, yanahamisha harusi.

Wapo watakaouliza haraka ya cheti ni ya nini, maana sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na jamii. Ni kweli, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi, na mara nyingi hupingwa wakati mbaya kabisa: mmoja amefariki na ndugu wanagawana nyumba. Cheti cha ndoa huondoa ubishi wa namna hiyo. Ndicho pia kinachoombwa mtu anapotaka kumwandikisha mwenza wake kwenye bima ya afya au kuomba viza ya kumfuata nje.

Sasa wageni. Sheria inataka mashahidi wawili tu. Hao wengine wote ni hiari, jambo ambalo kina shangazi hawatalipokea kwa urahisi.

Ugumu wa orodha fupi unaanzia kwenye michango. Mama mzazi amechangia kichen pati na sendofu za mtaa mzima kwa miaka ishirini, na kwa hesabu yake sasa ni zamu ya mtaa kumrudishia. Ukimwambia hakuna kamati, hakuna kadi, unamfutia madeni yake yote kwa mkupuo. Njia inayofaa ni kuamua mapema, na wote wawili, kwamba hakuna mchango utakaopokewa kutoka kwa mtu asiyealikwa. Ukishapokea shilingi elfu hamsini ya jirani, umeshamwalika. Wasioalikwa hupelekewa taarifa kwa simu au kwa mdomo wiki moja kabla, ili wasisikie habari barabarani. Na mama akitaka kuwaalika wenzake chai Jumamosi inayofuata, hiyo ni shughuli yake, na isizuiwe.

Wachumba wa Morogoro wanafikia watu ishirini na nne kwa kanuni badala ya majina. Wazazi wanne. Ndugu wa tumbo moja sita na wenza wao watatu. Mabibi wawili walio hai. Wawakilishi wawili wa ukoo kila upande, waliochaguliwa na wazazi wenyewe, ili lawama ya nani kaachwa isiwaangukie maharusi. Mashahidi wawili ambao ni marafiki. Mpiga picha mmoja, ambaye naye hula. Ongeza maharusi, hesabu imetimia. Kanuni ina nguvu kuliko majina kwa sababu binamu akiuliza mbona hakualikwa, jibu ni kwamba hakuna binamu hata mmoja aliyealikwa.

Bomani wanakwenda kumi tu, kwa kuwa chumba cha msajili mara nyingi ni ofisi yenye meza na viti vichache. Msajili huhakikisha kila mmoja amekuja kwa hiari yake, maharusi hutamka mbele ya mashahidi kwamba wanachukuana, kisha saini hufuata: wao, mashahidi na msajili. Shughuli yenyewe ni fupi, ila foleni haitabiriki, kwa hiyo chakula kisipangwe kabla ya saa saba.

Chakula chao kinapikwa nyumbani kwa dada wa bibi harusi, chini ya mwembe, na mpishi mmoja wa kukodi. Kwa watu ishirini na nne, kilo nne za mchele na kilo nne za nyama ya ng'ombe zinatosha pilau na kubaki kidogo, pamoja na kuku watano wa kukaanga kwa wasiokula nyama nyekundu. Nyama imechinjwa na Mwislamu, nalo limetajwa mapema kwa upande wa bwana harusi ili mtu asije na mbuzi wake wa zawadi aliyechinjwa vingine. Nyama inachemshwa kuanzia saa tatu. Mchele hauingii chunguni mpaka shahidi mmoja apige simu kutoka bomani kusema wamesaini, maana pilau iliyokaa saa mbili juu ya makaa hukauka chini na kulowana juu. Kachumbari hukatwa wageni wakiwa mlangoni. Meza ni moja ndefu, na bibi wawili wanakaa katikati, si pembeni.

Jambo moja lisiachwe kwa msisimko wa siku hiyo. Kabla ya kusaini, kila mmoja asome kwa sauti majina, tarehe za kuzaliwa na majina ya wazazi kama yalivyoandikwa kwenye cheti, akilinganisha na kitambulisho chake mkononi. Kosa likionekana pale mezani, msajili analirekebisha papo hapo. Likionekana miaka mitatu baadaye ubalozini, mtaanza upya na maombi, viapo na nauli.