“Mtandao unasumbua”: maneno mawili yanayompotezea fundi nusu siku

Katika ofisi nyingi, kitengo cha TEHAMA huanza Jumatatu kwa ujumbe wa namna hii: “Mtandao unasumbua, naomba msaada haraka.” Aliyeutuma ameshafika kwenye kikao. Fundi anausoma, anaurudia, kisha anauliza swali ambalo litajibiwa baada ya chakula cha mchana.

Tatizo si uvivu wa fundi. Maneno hayo mawili yanaweza kumaanisha waya umelegea nyuma ya kompyuta moja, au nywila ya waifai imebadilishwa. Yanaweza pia kumaanisha kwamba laini ya mtoa huduma wa intaneti imekatika na jengo zima liko gizani, au kwamba tovuti moja tu imelala huko iliko. Kila jambo hapo lina mahali pake pa kutengenezwa, na mara nyingi lina mtu wake. Fundi asiyejua aanzie wapi huanza kwa kuuliza, na saa nyingi za kusubiri huishia kwenye maswali hayo, kabla bisibisi haijaguswa.

Anachotafuta fundi kwanza ni mpaka: kasoro inaanzia wapi na inaishia wapi. Nani imempata na nani imemwacha? Kipi kinakataa, na kipi bado kinakubali kwenye mashine hiyohiyo? Watu wengi hueleza kilichoharibika na kunyamaza kuhusu kinachofanya kazi, ilhali hicho cha pili ndicho kinachofuta nusu ya uwezekano kwa mara moja.

Tuchukue mfano wa chumba cha uhasibu chenye kompyuta saba, katika jengo la ghorofa tatu. Badala ya “mtandao unasumbua”, mhasibu anaandika hivi:

“Leo tangu 09:10, kompyuta nne kati ya saba za uhasibu, ghorofa ya pili, hazifungui tovuti yoyote wala mfumo wa malipo. Tatu zinafanya kazi kama kawaida. Zote saba zinatumia waya. Simu zetu zilizo kwenye waifai ya ofisi hazina shida. Ijumaa jioni zote zilikuwa nzima. Kivinjari kinaandika DNS_PROBE_FINISHED_NO_INTERNET, picha nimeambatisha. Mbili kati ya hizo nne tumezizima na kuziwasha, hali ni ileile. Malipo ya wazabuni yanatakiwa yaingie kabla ya 14:00.”

Ujumbe huo unaandikwa kwa dakika mbili au tatu. Tazama unavyomsaidia fundi. Kivinjari kinadai hakuna intaneti, lakini simu zinaipata kwa waifai, kwa hiyo laini ya mtoa huduma ni nzima na hakuna haja ya kumpigia. Kompyuta tatu za chumba hichohicho zinafanya kazi, kwa hiyo swichi inayokusanya waya za chumba haijafa. Kinachobaki ni kitu kinachozichagua mashine: kinazipata baadhi na kuziruka nyingine, ndani ya chumba kimoja, kwa njia ya waya. Mtu wa kazi hii akisikia hivyo, mawazo yake yanakwenda kwenye anwani.

Kila kompyuta inapowashwa huomba anwani kwenye mtandao, na katika ofisi kuna seva moja yenye kazi ya kuzigawa. Fundi anaomba jambo moja tu: mhasibu afungue Command Prompt kwenye mashine nzima na kwenye mashine mbovu, aandike `ipconfig`, na atume picha mbili. Mashine nzima inaonyesha hivi:

```
IPv4 Address. . . . . . . . . . . : 10.20.2.47
Default Gateway . . . . . . . . . : 10.20.2.1
```

Na mbovu inaonyesha hivi:

```
IPv4 Address. . . . . . . . . . . : 192.168.0.103
Default Gateway . . . . . . . . . : 192.168.0.1
```

Mashine hizi mbili ziko meza kwa meza, lakini zimepewa anwani na wagawaji wawili tofauti. Hapo fundi ameshajua: kuna mtu amechomeka ruta ya nyumbani kwenye tundu la mtandao la ofisi, pengine ili simu za kona ile zipate waifai yenye nguvu, na ameuingiza waya kwenye tundu lisilo lake. Ruta ya nyumbani huja ikiwa tayari kugawa anwani, na kompyuta huipokea ile inayojibu mapema. Zile tatu zimesalimika kwa sababu hazikuzimwa mwisho wa wiki, kwa hiyo bado zimeshika anwani ya zamani. (Anwani ingeanza na 169.254, maana yake ingekuwa nyingine: kompyuta iliomba, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Hapo mtu angekagua waya na seva inayogawa.) Ruta ikichomolewa, mashine nne zinaomba upya kwa amri mbili, `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`, na kazi imekwisha.

Katika mfano huu, ile desturi ya “zima uwashe” ingeweza kuleta madhara. Kila kompyuta nzima ambayo ingewashwa upya wakati ruta ile ingali ukutani ingekuwa hatarini kudaka anwani mbovu, na wagonjwa wanne wangeweza kuwa saba. Kuwasha upya hutibu mambo mengi, hilo halina ubishi, lakini pia hufuta ushahidi. Ndiyo maana fundi anataka kuambiwa kila kilichojaribiwa na kwa mpangilio gani, hata kama anayeripoti anaona haya kusema kwamba alichomoa waya na kuuchomeka pengine.

Anataka pia kujua kilichobadilika, na hapa watu hujibu kwa ufinyu. Wakiulizwa “umebadilisha nini?” husema “hakuna”, kwa sababu wao hawakugusa kompyuta yao. Ruta ya kwenye kona ililetwa na mwingine, Ijumaa, na haikuonekana kuwa inahusika. Heri kutaja meza iliyohamishwa, umeme uliokatika usiku, mafundi rangi walioingia Jumamosi na printa mpya. Fundi ndiye atakayechuja.

Kazi ya kuchuja humwelemea pale anapopewa hukumu badala ya alichokiona mtu. “Seva imekufa” ni hukumu. “Faili la mishahara halifunguki, lakini mafaili mengine ya folda hiyo yanafunguka” ni jambo lililoonekana, na kwa hakika linakanusha ile hukumu. Simon Tatham, Mwingereza aliyetunga programu ya PuTTY, aliandika mwaka 1999 insha kuhusu namna ya kuripoti hitilafu za programu, na mojawapo ya nasaha zake ni kutenganisha ukweli na dhana. Dhana haikatazwi. Ikae mwishoni, na iitwe dhana.

Lakini jambo lililoonekana lisifichwe kwa sababu tu linasikika kama kichekesho. Trey Harris, aliyekuwa akisimamia mifumo ya barua pepe katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1990, alipigiwa simu na mkuu wa idara ya takwimu. Malalamiko: barua pepe za idara hazifiki mbali zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800. Barua pepe haijui umbali, na mtu angeweza kucheka na kukata simu. Ila wanatakwimu wale walikuwa wamekusanya vipimo kwa siku kadhaa kabla ya kupiga. Harris alijaribu mwenyewe: New York ilipokea, Providence iliyo mbele zaidi ilikataa. Akagundua kwamba seva ilikuwa imefanyiwa masahihisho ya mfumo, na katika kazi hiyo programu ya barua ikarudishwa kwenye toleo la zamani lisiloelewa mipangilio yake mipya. Muda wa kusubiri jibu ukasomeka sifuri, ambao kwa seva ile ulikuwa kama milisekunde 3. Nuru katika muda huo hukata maili 558. Seva iliyo mbali kuliko hapo haikuwa na nafasi ya kujibu kabla ya kukatiwa. Wanatakwimu hawakujua lolote kuhusu programu ya barua. Walijua mpaka wa tatizo lao, wakautaja kwa namba.

Maneno ya kwenye skrini nayo yatumwe kama yalivyo. Mtu anayeandika “tovuti inasema si salama” anampa fundi mambo kumi ya kufikiria. Akinakili NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, fundi atamwomba kwanza atazame tarehe ya kompyuta yake, maana betri ndogo ya ndani ikiisha, saa hurudi nyuma miaka na tovuti nyingi zikakataliwa kwa pamoja. Kwenye Windows 10 na 11, vibonye vya Windows, Shift na S vikibonyezwa pamoja hukata picha ya skrini. Mtandao ukiwa umekufa, picha ya simu inatosha, mradi ionyeshe skrini nzima pamoja na saa ya pembeni, na isionyeshe nywila wala akaunti za wateja.

Saa hiyo ina mtego wake kwetu. Mhasibu akiandika “tangu saa 3:10”, anamaanisha asubuhi, na Mswahili mwenzake atamwelewa. Kumbukumbu za swichi na seva zimeandikwa 09:10. Fundi mwenye haraka, au aliyeko makao makuu na aliyezoea saa za Kizungu, atapekua kumbukumbu za 03:10 usiku na kuona kumetulia kabisa. Kwa kasoro inayokuja na kuondoka, hilo ni pigo, kwa sababu kumbukumbu ndizo shahidi pekee. Saa iandikwe kama kompyuta inavyoionyesha, na kila tukio liandikiwe saa yake: 09:10, 10:42, 11:05. Fundi akiona mtandao unadondoka kila printa kubwa inapowaka, hatahitaji kuambiwa zaidi.

Neno “haraka” linaweza kuachwa kabisa, kwa kuwa kila tiketi inalo. Malipo yanayotakiwa kabla ya 14:00 yanampa msimamizi sababu ya kuisogeza tiketi mbele ya ile ya mtu ambaye kipanya chake kinakwama.

Iko hali moja ambayo kuandika kunasubiri. Mafaili yakianza kubadilika majina yenyewe, au skrini ikitoa tangazo la kudai fedha ili yafunguliwe, usianze kutunga ujumbe. Chomoa waya wa mtandao, zima waifai, iache kompyuta ikiwa imewaka, na upige simu kitengo cha TEHAMA papo hapo.